Shahidi Mmoja Ameitwa kwa Majina Mawili

Mpwa wangu aliweka sehemu ya fedha zake za korosho kwenye akaunti ya biashara ya sarafu, na mwezi uliopita nusu yake iliondoka katika oda mbili. Hasara yenyewe naivumilia, kwa kuwa hakuna biashara isiyokuwa nayo. Ninachoshindwa kukivumilia ni sababu aliyopewa ya kuiongeza oda ya pili. Katika mafunzo ya kulipia aliyohudhuria hapa Mtwara mjini, mwalimu aliwaambia kwamba kiashiria cha bei kiitwacho Williams %R kikishuka chini ya -80, mtu aingie kununua kwa tahadhari, lakini kiashiria kingine, Stokastiki, nacho kikishuka chini ya 20, amepata shahidi wa pili na anaweza kuweka fedha mara mbili. Shahidi huyo wa pili hakuwepo.

Tazameni kanuni zenyewe, %K ikiwa ya Stokastiki na %R ikiwa ya Williams, ambamo C ni bei ya kufunga, H ni bei ya juu kabisa na L ni bei ya chini kabisa katika mishumaa 14 ya chati, mmoja kwa kila siku:

```
%K = 100 * (C - L) / (H - L)
%R = -100 * (H - C) / (H - L)
```

Anayepima maji kwenye nguzo ya gati anaweza kuanzia kwenye alama ya chini akapanda hadi usawa wa maji, au akaanzia kwenye alama ya juu akashuka. Vipande hivyo viwili vikijumlishwa ni nguzo nzima. Ndivyo ilivyo hapa: ukijumlisha C - L na H - C, C inajifuta na kinachobaki ni H - L. Kwa hiyo %R ni %K iliyopunguzwa 100, kila siku, katika kila soko. Alama ya kutoa imewekwa ili mstari upande pale bei inapopanda, basi.

Tuseme yuro kwa dola ilifika juu kabisa 1.1000, chini kabisa 1.0800, na imefunga 1.0840. Kutoka chini ni 0.0040 katika upana wa 0.0200, yaani %K ni 20. Kutoka juu ni 0.0160, yaani %R ni -80. Mipaka ya 20 na -80, ambayo mwalimu aliihesabu kuwa makubaliano ya viashiria viwili, ni mahali pamoja kwenye chati.

Mpwa wangu alinijibu kwa heshima, "Lakini mjomba, kwenye simu mistari haifanani." Ni kweli, na hapo ndipo watu wengi wanapopotea. Programu ya chati ya MetaTrader huanza na Williams ya mishumaa 14, ilhali Stokastiki huanza na 5, 3, 3, ambapo mojawapo ya hizo 3 ni ulainishaji: mstari mkuu hauonyeshi thamani ya leo peke yake, bali wastani wa siku tatu. Hata ukibadilisha 5 kuwa 14, ulainishaji unabaki.

Chukulia kwamba H na L hazikubadilika, na %K ghafi ya siku tatu ni 10, 14 na 36. Siku ya tatu Williams inasoma -64, imekwishatoka eneo la chini ya -80, liitwalo la kuuzwa kupita kiasi, lakini Stokastiki inasoma 20, kwa kuwa huo ndio wastani. Mwanafunzi anaambiwa asubiri uthibitisho. Siku ya nne bei inafunga palepale ilipofunga jana, %K ghafi inabaki 36, na bado Stokastiki inapanda hadi karibu 28.7. Soko halijasema lolote jipya. Ile 10 ya siku ya kwanza imeondoka kwenye hesabu, na kijana anaongeza fedha kwa sababu hiyo.

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba ulainishaji hupunguza ishara za uongo, na anayependa mstari mtulivu ana haki ya kuutumia. Ila huo ni uchaguzi wa kuisoma namba ileile polepole zaidi.

Kilichomwangusha mpwa wangu kilikuwa kibaya zaidi, kwani bei ilikuwa ikishuka kwa nguvu. Katika mshuko wa namna hiyo kila siku huleta L mpya, bei hufunga karibu nayo, na viashiria vyote viwili hukaa chini siku nyingi huku hasara ikiongezeka. Vikikosea, hukosea pamoja.

Jana jioni tuliketi barazani, nikamwambia aiweke Stokastiki kwenye 14, 3, 1, ile 1 ikiwa ndiyo ya ulainishaji, kisha aiweke Williams ya 14 chini yake. Alivuta chati nyuma miezi mitatu, akigusa mshumaa mmoja baada ya mwingine na kusoma namba: 37 na -63, 82 na -18, 9 na -91. Alipofika kwenye siku ya zile oda mbili alinyamaza, kisha akaifuta Williams kwenye chati.