Shilingi Ilipopata Nguvu: Hatari Tatu za Sarafu Katika Kiwanda Kimoja cha Sabuni

Mwezi Januari 2024 dola moja ilikuwa ikinunuliwa kwa takriban shilingi 160 za Kenya, na katika ofisi nyingi za Nairobi hapakuwa na mhasibu aliyethubutu kusema itarudi chini. Deni la dola bilioni 2 lililokopwa mwaka 2014 lilikuwa likisubiri kulipwa mwezi Juni, na soko lilikuwa limeshika hofu. Februari serikali ikauza hatifungani mpya ya dola bilioni 1.5 na kutumia fedha hizo kununua sehemu kubwa ya deni lile la zamani. Benki Kuu nayo ikapandisha riba yake hadi 13%. Kufikia katikati ya Aprili dola ilikuwa imeshuka hadi karibu shilingi 131.

Wengi walishangilia, na kwa mwananchi wa kawaida kulikuwa na sababu. Ila kwa kampuni, miezi ile mitatu inafundisha jambo ambalo vitabu vya fedha hulisema haraka mno: hatari ya sarafu si moja. Iko hatari ya miamala, yaani ankara ambayo tayari unadaiwa au unadai kwa fedha ya kigeni. Iko hatari ya kutafsiri hesabu, pale kampuni mama inapogeuza vitabu vya tawi la nje kuwa sarafu yake. Na iko hatari ya kiuchumi, ambayo haina ankara wala mstari kwenye vitabu, kwa kuwa inahusu mauzo na gharama za kesho. Ugumu ni kwamba dawa ya moja yaweza kuwa sumu kwa nyingine, na hapo ndipo mjadala wa kweli ulipo.

Tuchukue kiwanda cha mfano. Kinatengeneza sabuni ya kufulia Nairobi, kinaagiza mafuta ghafi ya mawese kutoka Malesia kwa dola, na kina tawi Kampala. Katikati ya Januari kimepokea mzigo wa dola milioni 1, kulipa ni baada ya siku 90. Mzigo huo unatoa katoni 100,000. Gharama nyingine zote, umeme, mishahara, usafiri, ni shilingi 500 kwa katoni, na katoni inauzwa 2,400.

Meneja wa fedha anaiona ankara ile na anaogopa. Anakwenda benki kununua fowadi, yaani mkataba wa kununua dola baada ya siku 90 kwa bei inayowekwa leo. Bei hiyo haitakuwa 160. Riba ya muda mfupi Kenya wakati huo ilikuwa karibu 16%, na ya Marekani kidogo juu ya 5%. Tofauti hiyo kwa robo mwaka huongezwa kwenye bei, hivyo fowadi inatoka kama shilingi 164. Wengi huiita gharama ya bima. Kwa kweli ni hesabu ya riba tu: benki inanunua dola leo kwa shilingi na kuziweka mahali penye riba ndogo kwa niaba yako.

Sasa gharama ya katoni inajulikana: 1,640 ya mafuta na 500 ya mengineyo, jumla 2,140. Faida ni 260 kwa katoni. Hatari ya miamala imekwisha kabisa. Meneja analala.

Jirani yake hakununua fowadi. Aprili analipa dola kwa 131, gharama yake ya katoni inakuwa 1,810, na kwa kuwa anataka soko anashusha bei hadi 2,050. Bado anapata 240. Yule aliyejifunga hana budi kumfuata au kubaki na maghala yaliyojaa, na kila katoni anayouza kwa 2,050 inampotezea shilingi 90. Kwa katoni 100,000 ni hasara ya milioni 9, mahali palipopangwa faida ya milioni 26.

Hapa watu hugawanyika. Upande mmoja husema meneja alikosea, na bodi nyingi humkemea mtu wa namna hiyo. Upande wa pili husema alifanya kazi yake: kama dola ingefika 185, jirani angekuwa na gharama ya 2,350 na angebaki na shilingi 50 tu kwa katoni kama soko lisingemruhusu kupandisha bei mara moja. Mimi niko karibu zaidi na upande wa pili, lakini kuna jambo ambalo zote mbili hulipita. Fowadi ile haikuondoa hatari kwenye kiwanda. Iliihamisha. Kabla ya mkataba, kiwanda na jirani walikuwa wakizama na kuelea pamoja, kwa sababu wote hununua mafuta kwa dola na bei ya sabuni sokoni hufuata dola hatimaye. Baada ya mkataba, kiwanda kilikuwa peke yake, na gharama iliyogandishwa katika soko linalosogea. Hatari ya miamala ilishuka hadi sifuri huku hatari ya kiuchumi ikipanda.

Kwa hiyo swali la kumuuliza meneja si kama dola itapanda. Ni hili: bei yetu ya kuuza hukaa muda gani bila kubadilika, na washindani hulipaje? Kama kiwanda kimesaini mkataba wa kuuzia mnyororo wa maduka kwa 2,400 kwa miezi 3, fowadi ya siku 90 kwa kiasi hicho ni sawa kabisa, maana pande zote mbili za hesabu zimegandishwa pamoja. Kama kinauza kwa wauzaji wa jumla wa mjini ambao bei yao hubadilika kila wiki, kujifunga kwa ankara nzima ni kamari, ingawa kwenye karatasi inaonekana ni uangalifu. Tena kuna mzigo ambao hata meneja mwenyewe hauoni: mafuta yaliyokwisha lipwa kwa 160 na yaliyolala ghalani Aprili. Hayadaiwi, hayamo kwenye orodha ya miamala ya kigeni, lakini yamebeba hasara ileile.

Nikae kidogo kwenye hatari ya kiuchumi, kwa maana ndiyo inayofunga viwanda. Tarehe 6 Machi 2024 Misri iliiachia pauni yake ifuate bei ya soko, ikaanguka siku hiyohiyo kutoka kama 31 hadi karibu 50 kwa dola. Kiwanda chetu hakina ankara hata moja ya pauni ya Misri. Lakini Misri na Kenya zote zimo katika COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, na bidhaa za Misri zinazotimiza masharti ya kuthibitisha kuwa zimetengenezwa huko huingia Kenya bila ushuru. Januari pauni moja ilikuwa na thamani ya shilingi 5 hivi kwa viwango rasmi. Aprili ilikuwa chini ya 3. Mtu akisoma takwimu hizo anaweza kudhani sabuni ya Misri ilishuka bei karibu nusu.

Haikuwa rahisi hivyo, na hapa mchambuzi mzuri hujitofautisha na mwenye hofu. Kabla ya Machi, dola kwenye soko la magendo la Misri ilikuwa ghali kuliko kiwango kipya, na viwanda vilikuwa vimeshapanga bei kwa kiwango hicho cha magendo. Tena malighafi yao nayo hulipwa kwa dola. Kinachokuwa nafuu kweli ni kile kinacholipwa kwa pauni: mishahara, nishati ya ndani, kodi ya majengo. Kwa hiyo ukitaka kupima hatari ya kiuchumi, usiangalie ankara imeandikwa kwa sarafu gani. Pitia kila gharama na kila bei, yako na ya mshindani, ukiuliza ni sarafu gani inayoisukuma. Dizeli unainunua kwa shilingi kituoni, lakini bei yake inasukumwa na dola. Ukishamaliza orodha hiyo, chukua faida ya kila mwezi kwa miaka michache na uilinganishe na mwendo wa dola, uone kama inaonyesha ulichokiandika. Kipimo hicho kina kasoro: uhusiano wa jana huvunjika mshindani mpya akiingia. Hata hivyo ni bora kuliko kukosa kipimo.

Wanaopinga kuishughulikia hatari hii wana hoja. Hakuna benki inayouza fowadi ya mauzo ambayo hayajatokea kwa kiasi kisichojulikana, na tiba zake, kama kutafuta msambazaji mwingine, kupunguza muda wa bidhaa ghalani au kuhamisha sehemu ya uzalishaji, huchukua miaka na hugharimu hata sarafu ikitulia. Nakubali gharama hiyo. Sikubali kwamba iachwe nje ya ajenda ya bodi kwa kuwa mkaguzi hakuiandika.

Kinachoandikwa na mkaguzi, na kinachopewa muda mwingi kuliko stahili yake, ni tawi la Kampala. Tuseme rasilimali zake, ukitoa madeni, ni shilingi bilioni 12 za Uganda. Mwisho wa 2023 shilingi ya Kenya ilikuwa na thamani ya takriban 24 za Uganda, hivyo tawi liliandikwa shilingi milioni 500 za Kenya. Mwisho wa 2024 ilikuwa kama 28, likaandikwa kama milioni 429. Milioni 71 zimepotea, na hakuna aliyezilipa. Mashine ni zilezile, wateja ni walewale. Kanuni ya kimataifa ya hesabu, IAS 21, inazipeleka kwenye akiba maalumu ndani ya mtaji bila kugusa faida ya mwaka, mpaka siku tawi litakapouzwa.

Kwa nini basi mtu ajali? Kwa sababu moja nzito: mkataba wa mkopo. Benki ikiwa imeandika kwamba deni lisizidi kiwango fulani cha mtaji, milioni 71 za vitabuni zaweza kukuweka kwenye kosa la kweli. Kama kifungu hicho hakipo, kununua fowadi kulinda tawi ni kubadilisha hasara ya karatasi kwa hasara ya taslimu, kwa kuwa shilingi ya Uganda ikipanda, benki italipwa kwa fedha halisi huku faida inayolingana nayo ikibaki kwenye vitabu tu. Afadhali tawi likope kwa shilingi za Uganda pale linapohitaji fedha, ili kinachotafsiriwa kipungue, mradi riba ya huko isile akiba hiyo.

Kuna siku moja tu tawi hubadilika tabia: siku linapotangaza gawio kwa kampuni mama. Kuanzia saa hiyo kiasi hicho ni deni lenye tarehe, kimeshakuwa hatari ya miamala, na tofauti yake itaingia kwenye faida na hasara. Meneja aliyejifunga kwa ankara ya mawese mwezi Januari angefanya vizuri kuanza na gawio hilo, kisha afunge nusu ya ankara, na asome upya kifungu cha mtaji kwenye mkopo kabla ya kwenda benki tena.