Kifungo cha nje kinapochukua nafasi ya faini

“Amerudi nyumbani leo hii hii, sasa huyu kafungwa nini?” aliniuliza mama mmoja muuza viazi nje ya mahakama hapa Mbeya.

Alikuwa anauliza kuhusu kifungo cha nje. Katika nchi zenye kifungo cha kusimamishwa, hakimu hutaja kifungo kamili, tuseme miezi 6, kisha akasimamisha utekelezaji wake kwa miaka 2, kwa sharti kwamba mtu asitende kosa jingine. Hapa kwetu jina “kifungo cha nje” hutumika hata pale mahakama inapomwachilia mtu kwa masharti chini ya kifungu cha 38 cha Kanuni ya Adhabu, kwa muda usiozidi miezi 12, ilhali hapo hakuna kifungo kilichokwisha kutajwa kikimsubiri.

Lengo la kifungo cha kusimamishwa ni jema, nami naliunga mkono. Kijana anayepakia viazi Uyole akifungwa miezi mitatu hupoteza kibarua, shamba alilokodi hukosa palizi, na huko gerezani hakai muda wa kutosha kujifunza ufundi wowote.

Ubaya huanza adhabu hii inapopewa mtu ambaye hakustahili gereza tangu mwanzo. Tuseme kijana huyo ameiba debe mbili za viazi, ni kosa lake la kwanza, na mali imerudishwa. Angetozwa faini, jambo likaisha. Hakimu, akidhani anamhurumia, anampa miezi 6 iliyosimamishwa. Mwezi wa 14 kijana anapigana kilabuni, kosa ambalo peke yake lingeishia kwenye faini; lakini sasa ile miezi 6 inaamshwa, naye anaingia gerezani kwa sababu ya viazi vile vile. Huko ndiko kupanua wavu wa adhabu: adhabu iliyobuniwa kupunguza wafungwa inaongeza idadi yao.

Uingereza iliyaona haya baada ya sheria yake ya 1967. Mahakama nyingi zilitumia kifungo cha kusimamishwa mahali pa faini au uangalizi, na mara nyingine zikakirefusha kwa kuwa kingekaa kwenye karatasi tu. Katika rufaa ya O'Keefe ya 1969, mahakama ya rufaa ikaweka mpangilio: kwanza ondoa adhabu nyingine zote, kisha amua kwamba kifungo hakiepukiki, na mwisho kabisa ndipo ujiulize kama kisimamishwe.

Watetezi wanasema, na wana haki, kwamba faili moja haliwezi kuthibitisha hakimu angefanya nini bila chaguo hili. Ndiyo maana hupimwa kwa jumla: vifungo vya kusimamishwa vikiongezeka huku faini zikipungua na vifungo vya ndani vikibaki pale pale, wavu umepanuka. Kwa maoni yangu, hakimu angetakiwa kuandika kwenye hukumu, kabla ya neno “kusimamishwa”, ni kwa nini faini haikutosha.