Hakuna upande unaopunguza mwendo ukipasha moto

Nimeletewa notsi za kemia za mwaka wa kwanza nizipitie, nikafika kwenye sentensi ambayo nilidhani imeshazikwa: eti mmenyuko wa gesi ukiwa wa kutoa joto, ukiongeza halijoto mmenyuko wa kwenda mbele unapungua kasi, wa kurudi nyuma unaongezeka, ndiyo maana msawazo unahamia kushoto.

Kuhamia kushoto ni kweli. Sababu iliyotolewa ni uongo, tena uongo unaokaririwa na kupewa maksi.

Chukua H2 + I2 ⇌ 2HI, vyote vikiwa gesi. Naupenda mmenyuko huu kwa kuwa una molekuli mbili kila upande, kwa hiyo shinikizo likipanda ndani ya chombo kilichofungwa haliwezi kusingiziwa chochote. Unatoa joto kidogo tu, takriban kilojuli kumi na kitu. Kwenye nyuzi 425 za Selsiasi, K, yaani namba inayoonyesha msawazo umeelemea kulia kiasi gani, ni karibu 54. Ukifika nyuzi 490, K inashuka hadi karibu 46.

Sasa tazama kasi. Kwenda mbele, molekuli zinahitaji nishati ya kuamsha ya takriban kilojuli 167 kwa moli. Kurudi nyuma zinahitaji hiyo hiyo pamoja na lile joto lililotolewa, kwa sababu lazima lirudishwe. Kizingiti cha kurudi ni kirefu zaidi, na kadiri kizingiti kinavyokuwa kirefu, ndivyo idadi ya molekuli zinazoweza kukivuka inavyoongezeka kwa mara nyingi zaidi halijoto ikipanda. Piga hesabu: kutoka 425 hadi 490, kasi ya kwenda inaongezeka kama mara 12, ya kurudi kama mara 14. Zote zimepanda! K hupanda na kasi ya kwenda na hushuka na kasi ya kurudi, kwa hiyo gawanya 12 kwa 14, zidisha kwa 54, unapata 46. K mpya ndiyo hiyo, bila muujiza wowote.

Tuseme kabla ya kupasha, kila upande ulikuwa na kasi ya 100. Mara tu halijoto inapopanda, kabla mchanganyiko haujabadilika, kwenda kunakuwa 1,200 na kurudi 1,400. Kwa hiyo HI inavunjika haraka kuliko inavyotengenezwa. Inapopungua, kasi ya kurudi inashuka kidogo. Hidrojeni na iodini zinapojilimbikiza, kasi ya kwenda inapanda. Zinakutana karibu na 1,350. Msawazo mpya una pilika nyingi kuliko wa zamani, pande zote mbili.

Na usitegemee kuona maajabu kwa macho. Ukianza na moli moja ya hidrojeni na moja ya iodini, iodini iliyobaki inatoka moli 0.21 hadi 0.23 tu. Zambarau inakolea kidogo mno, kwa sababu joto linalotolewa ni dogo.

Anayebisha namwachia Max Bodenstein, Mjerumani aliyeupima mmenyuko huu miaka ya 1890. Alifunga gesi ndani ya vibuyu vya kioo, akavipasha hadi msawazo ufike, kisha akavipoza ghafla na kupima kilichomo. Kwa nini avipoze? Kwa sababu baridi inazorotesha pande zote mbili, mchanganyiko unabaki vile ulivyokuwa kwenye moto. Kama notsi zile zingekuwa sahihi, kupoza kungeharakisha kwenda mbele na HI ingezidi kutengenezwa mkononi mwake. Vipimo vyake vyote vingekuwa takataka.

Haya, nakubali shingo upande: kanuni ya Le Chatelier, kwamba msawazo ukivurugwa huhamia upande unaopunguza mvurugo huo, inakupa mwelekeo sahihi kwa sekunde mbili, na kwenye mtihani sekunde mbili ni mali. Lakini inakwambia uelekeo tu, haikwambii kitu kuhusu kasi. Ukichanganya hayo mawili, utakwama kwenye amonia: nayo inatoa joto, K yake kwenye nyuzi 25 ni ya malaki, lakini hidrojeni na nitrojeni zikikaa pamoja kwa halijoto hiyo hazifanyi lolote la maana. Viwanda vinapasha hadi nyuzi 400 na kitu, tena kwa kichocheo cha chuma, vikijua kabisa kwamba K inaporomoka. Vinanunua kasi. Kwa mantiki ya notsi zile, mbolea ingetengenezwa kwenye jokofu.

Kichocheo, kwa taarifa tu, hakiigusi K.

Kwa hiyo ukiulizwa, andika hivi: halijoto ikipanda kasi zote mbili huongezeka, ya kurudi huongezeka zaidi kwa kuwa nishati yake ya kuamsha ni kubwa, K hupungua, msawazo huhamia kushoto. Msahihishaji akikukata maksi, mpelekee ile hesabu ya 12 na 14 umwombe aoneshe ni upande upi uliopungua.