Ukaguzi wa Msimbo Unaofutwa: Nani Bado Anautumia?

Ombi la kuunganisha linalofuta msimbo huonekana jepesi kukagua kwa kuwa limejaa mistari myekundu tu, lakini hatari yake, ikiwapo, imo katika mistari ambayo mkaguzi haonyeshwi.

Wanaotaka ufutaji uidhinishwe haraka wana hoja nzito. Tarehe 1 Agosti 2012, kampuni ya biashara ya hisa ya Knight Capital ya Marekani ilipoteza zaidi ya dola milioni 460 katika dakika 45 hivi, baada ya alama iliyokuwa ikiwasha msimbo wa Power Peg, ulioachwa kutumika tangu 2003, kupewa kazi mpya. Msimbo uliokusudiwa kuchukua nafasi yake haukufika kwenye seva moja kati ya nane, na huko ule wa zamani ukaamka. Wanaohimiza tahadhari nao watasema, kwa haki, kwamba huo ulikuwa ufutaji ulioishia njiani.

Tuchukue mfano mdogo zaidi: mfumo wa Django unaotumia Celery kuendesha kazi za nyuma ya pazia, na ombi linalofuta funksheni ya kutuma muhtasari wa mwezi. Mwandishi ametafuta kwa `git grep`, hakuona anayeiita, na majaribio yote yamepita. Ushahidi huo ni wa kweli ila ni finyu, kwa sababu Celery huita kazi kwa jina lililoandikwa kama maneno, na ratiba zikisimamiwa na django-celery-beat, jina hilo huishi kwenye hifadhidata. Mkaguzi aombe matokeo ya swali hili kutoka kwenye mfumo halisi:

```sql
SELECT name, task, enabled, last_run_at
FROM django_celery_beat_periodictask
WHERE task LIKE '%tuma_muhtasari%';
```

Ikipatikana safu iliyowashwa, ratiba izimwe kwanza, foleni imalize kazi zilizokwisha kupangwa, zikiwamo zilizowekewa saa ya baadaye, ndipo funksheni ifutwe. Mpangilio ukigeuzwa, kumbukumbu za mfumo zitaonyesha `Received unregistered task of type`, na kwa kawaida ujumbe huo hutupwa. Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema kwamba Git hurudisha kila kitu: Git hurudisha msimbo, wala si ujumbe uliotupwa au safu ya jedwali iliyofutwa pamoja na data yake.

Mipangilio, tafsiri na nyaraka zilizobaki huweza kusafishwa baadaye bila madhara makubwa. Hata hivyo, tahadhari nayo ina kikomo. Kuweka onyo kwenye funksheni na kusubiri wiki mbili hakuthibitishi lolote kuhusu kazi ya kila mwezi, na kusubiri bila tarehe ni kukataa kwa upole. Kwa muhtasari huu ningedai mzunguko mmoja kamili wa mwezi, tarehe ya kufuta ikiwa imeandikwa ndani ya ombi lenyewe. Kwa funksheni ya ndani isiyoitwa kwa jina popote, ningeidhinisha siku hiyo hiyo.