Mja mzito anayetapika: tazama mkojo kabla ya sahani

Mja mzito akianza kutapika, majumbani kwetu huletewa sahani. "Jitahidi mwanangu, sasa unakula kwa watu wawili." Maneno haya husemwa kwa mapenzi, lakini katika miezi mitatu ya mwanzo naona yanamzidishia mzigo. Mtoto wa wiki 8 ana urefu wa kama sentimita moja na nusu, na mama aliyekuwa na afya anaweza kupita siku kadhaa akila kidogo. Kinachomwangusha ni kukosa maji.

Tuseme mama wa Wete, mimba yake ina wiki 8 tangu siku ya kwanza ya hedhi yake ya mwisho. Kabla ya mimba alikuwa na kilo 60. Anatapika mara nne kwa siku, na harufu ya samaki anayekaangwa jikoni inamtoa mbio. Kichefuchefu cha namna hii huanza kwenye wiki ya 5 au 6, hushika kasi karibu na wiki ya 9, na kwa wengi hupungua kati ya wiki ya 12 na 16. Kutapika kwenyewe hakumaanishi kwamba mimba ina tatizo.

Tumbo tupu linaongeza kichefuchefu. Kwa hiyo usiku awekewe karibu na kitanda kipande cha boflo kikavu au biskuti za chumvi. Asubuhi ale kabla ya kuinuka, kisha akae kama dakika 20. Baada ya hapo ale kidogo kila saa mbili: muhogo wa kuchemsha, ndizi, wali mkavu, uji mwepesi. Mchuzi wa tui zito usubiri, kwa kuwa mafuta hukaa tumboni muda mrefu. Chakula kilichopoa hakitoi harufu kali, na akipatikana mtu wa kumpikia, apumzishwe jiko.

Maji anywe mbali na chakula, wala si kwa bilauri nzima. Bilauri moja ya ghafla hulitanua tumbo, na yote yakarudi. Akishatapika asubiri dakika 10, kisha anywe vijiko viwili vya mezani kila baada ya dakika 5. Kwa saa moja hupata zaidi ya theluthi moja ya lita, na mara nyingi hubaki. Dafu tunalisifu sana, nami nalipenda, ila chumvi yake ni kidogo, na anayetapika hupoteza chumvi. Ale nalo biskuti za chumvi, au atumie pakiti ya dawa ya maji inayotolewa kwa wanaoharisha, pakiti ya lita moja ichanganywe na lita moja kamili ya maji salama.

Tangawizi inasaidia wengi. Nusu kijiko cha chai cha unga wake, kikigawanywa kwa siku nzima, kinatosha. Kuzidisha huleta kiungulia, na anayetumia dawa za kuzuia damu isigande aulize kwanza. Vidonge vya madini ya chuma navyo humchafua tumbo. Asiviache kimyakimya: avimeze usiku baada ya kula, na akishindwa amwambie mkunga, ili asije akakosa asidi foliki iliyomo ndani yake. Udongo wa kutafuna ndio ninaoupinga waziwazi, kwa sababu unazuia madini ya chuma yasiingie mwilini na unaweza kuwa na madini ya risasi au mayai ya minyoo.

Sasa turudi kwa mama wetu. Wiki ya 10 anapimwa, ana kilo 56 na nusu. Asilimia 5 ya kilo 60 ni kilo 3, naye amepoteza 3 na nusu. Tangu alfajiri hajakojoa, na mkojo wa jana ulikuwa kama chai ya rangi. Huyu haambiwi tena "ni mimba tu". Anapelekwa hospitali siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo asiyebakisha chochote tumboni kwa saa 24, au anayezimia. Kama ametapika kwa wiki kadhaa, waliofuatana naye waseme hivyo mapema, kwa sababu anahitaji vitamini B1 kabla ya dripu yenye sukari. Sukari ikitangulia, akiba ndogo ya vitamini hiyo iliyobaki huisha na ubongo ukadhurika. Dawa za kuzuia kutapika zilizo salama kwa mjamzito zipo, na kuzitumia si udhaifu.

Kutapika kukija na homa, mkojo unaouma, maumivu makali ya tumbo au damu, sababu itafutwe kwingine: malaria, maambukizi ya njia ya mkojo, mimba iliyotunga nje ya kizazi. Hali kadhalika kukianza kwa mara ya kwanza baada ya wiki ya 10.

Kiungulia cha miezi ya mwisho hutulia kwa kula kidogo, kukaa wima saa mbili au tatu kabla ya kulala, na kuinua upande wa kichwa. Lakini baada ya wiki ya 20, maumivu chini ya mbavu za kulia pamoja na kichwa kuuma au macho kuona ukungu yasitibiwe kwa maziwa. Akapimwe presha na mkojo usiku huo huo.