Mwanagenzi asiyelipwa hotelini: lini anageuka chombo?

“Mimi nampa ujuzi bila ada, yeye ananipa nguvu zake bila mshahara. Hapo nani kaonewa?” Hoja hii ya mwenye hoteli Malindi ina uzito kuliko tunavyopenda kukiri. Mwanafunzi wa chuo anahitaji mafunzo ya kazini ili ahitimu, na wiki za mwanzo yeye ni mzigo: anatandika kitanda, mfanyakazi mzoefu anakitandua na kumwonyesha upya.

Wala mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant, aliyeandika mwaka 1785 kwamba utu utendewe daima kama lengo na kamwe usiwe chombo tu, hakukataza watu kutumiana. Mgeni anamhitaji mpishi kwa chakula, mpishi anamhitaji mgeni kwa riziki. Kinachokatazwa ni kumtumia mtu kwa namna ambayo yeye, akiijua nia yako yote, asingeweza kuiridhia. Kant mwenyewe alitoa mfano wa anayekopa akiahidi kulipa huku akijua hatalipa. Mkopeshaji amekubali, ndiyo, lakini amekubali mkopo, na alichofanyiwa si mkopo.

Tuwaze basi msichana aliyeingia hoteli ya ufukweni mwanzoni mwa Desemba, msimu ukiwa umepamba moto. Ameambiwa atapitia mapokezi, jikoni na vyumbani, na akifanya vizuri ataajiriwa. Kufikia wiki ya nne anasafisha vyumba peke yake, idadi ileile ya mwenzake anayelipwa. Mapokezi hajapaona. Miezi mitatu ikiisha anaagwa, na kesho yake mwingine anavaa sare yake. Kibarua aliyekuwa akiitwa kila msimu haitwi tena.

Hapo ndipo mizani inapolala upande mmoja. Ridhaa yake ilikuwa ya kujifunza na kupata nafasi ya ajira. Nia ya hoteli ilikuwa kuziba pengo la msimu bila mshahara. Angeambiwa hivyo wazi siku ya kwanza, mafunzo yasingekuwa sababu ya kukubali. Na akilalamika katikati, msimamizi ndiye anayetia sahihi kitabu chake cha mafunzo. Kukubali kwa hofu ya kunyimwa sahihi hakuwezi kumsafisha mwajiri.

Kanuni hii ya Kant haina jibu la kiasi cha mshahara. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya ujira wa haki, na kwa maoni yangu siku mwanagenzi anaposhika nafasi ya kibarua, ujira wa kibarua unamstahili. Kabla ya hapo, nauli na chakula cha mchana vinatosha, mradi anahamishwa idara kweli.

Nyumba ndogo ya wageni kule Shela, Lamu, itasema haimudu hata hayo kwa wanagenzi wanne. Basi imchukue mmoja, imfundishe.