Maswali matatu: jana yake au palepale?

"Mkufunzi, haya maswali yangu matatu niwape wenzangu jana yake au niyatoe palepale darasani?"

Mwanachuo aliyeniuliza hivyo alikuwa na zamu ya kuongoza mjadala darasani, na mkononi alikuwa na kurasa sita za fotokopi kuhusu mkutano wa TANU uliofanyika hapa hapa Tabora Januari 1958. Wajumbe walibishana kama chama kishiriki uchaguzi wa kura tatu, ambapo mpiga kura alilazimika kuchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Nyerere alitaka washiriki na hoja yake ikapita. Zuberi Mtemvu hakukubali, akajitoa na kuanzisha chama chake, ANC ya Tanganyika.

Maswali yake yalikuwa haya: Kura tatu ilimtaka mpiga kura afanye nini? Kwa nini mtu anayeupinga mfumo huo akubali kuingia uchaguzini? Na wewe ungekuwa mjumbe, ungesimama upande gani?

Wanaotaka maswali yatolewe mapema wana hoja nzito. Matini ni ya Kiingereza, na asiyekimudu vizuri anahitaji usiku mzima kupanga sentensi yake. Ukimshtukiza, wanaozungumza ni walewale watatu wa mstari wa mbele.

Lakini nimeshaona yanayotokea maswali yakitumwa jana yake. Darasa linagawana: huyu la kwanza, yule la pili. Kila mmoja anasoma aya yake tu, kesho anasimama na kusoma jibu daftarini. Utaligundua hilo kwa macho: anayejibu hamtazami mwenzake, na hakuna anayempinga. Huo si mjadala, ni kusahihisha zoezi kwa sauti.

Mimi sioni sababu ya kuyapeleka yote matatu pamoja. La pili ndilo la kutoa jana yake, maana halina aya moja ya kunakili. Inabidi usome hoja za pande zote mbili. La kwanza liulizwe darasani fotokopi zikiwa wazi, dakika mbili, wataje na ukurasa. La tatu lifichwe kabisa. Mtu aliyelala na upande wake huja kuutetea tu, hasikilizi. Likitolewa baada ya la pili, huwa ameshasikia kwa nini Mtemvu alikataa, na hapo kuchagua kunamwia vigumu, kama kulivyokuwa kwa wajumbe wenyewe.

Wasilisho lenyewe lisizidi dakika tano. Huyu wetu alitumia kumi na nane kati ya ishirini na tano kusimulia kurasa ambazo wote walikuwa nazo mkononi, kisha alipouliza swali akalijibu mwenyewe baada ya sekunde tatu za kimya. (Ahesabu hadi kumi moyoni. Inauma, lakini mkono utanyooka.)

Darasa likiwa la watu sitini, hata hilo la pili litajibiwa na wachache. Kwa hiyo kila mtu aje na sentensi moja kwenye kipande cha karatasi, na mwongozaji aanze na mbili zinazogongana.